Chaja ya paundi 9: jinsi feki ilivyobainika

Nembo haisaidii kuitambua chaja feki ya laptopu, kwa kuwa nembo ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa anayeghushi. Kinachosaidia ni kuufuata umeme tangu plagi ya ukutani hadi ncha inayoingia kwenye mashine, na kila unapopima ujiulize: kipimo hiki kimethibitisha nini, na kimeacha nini? Nitaonyesha kwa chaja moja iliyonunuliwa Uingereza na mpwa wangu, anayesoma shahada ya uzamili mjini Leeds.

Laptopu yake ni ya Dell, ya aina inayotumia ncha ya duara. Waya wa chaja yake ya asili ulikatika karibu na ncha, mahali ambapo waya nyingi hufia kwa kukunjwakunjwa. Chaja mpya ya kampuni ilikuwa inauzwa karibu paundi 35. Mtandaoni akaiona nyingine kwa paundi 9, usafirishaji ukiwa humo humo, picha nzuri, nembo ya Dell na maandishi ya wati 65. Akainunua. Ilipofika akaichomeka, laptopu ikawaka, kisha akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Mashine inawaka ila betri haipandi, na imekuwa nzito ajabu." Nikamwambia aizime, aiwashe upya na asome maneno yanayotokea kabla Windows haijafunguka. Yalikuwa haya:

```
The AC power adapter wattage and type cannot be determined.
```

Maana yake ni kwamba mashine imeona umeme unaingia, lakini imeshindwa kujua chaja ni ya aina gani na ina wati ngapi.

Pini ya katikati

Ukiitazama ncha ya duara ya Dell utaona sehemu tatu. Bati la nje ni hasi, bati la ndani hubeba volti 19.5, na katikati kabisa imesimama pini nyembamba. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Ni njia ya mawasiliano, na upande wa chaja inaishia kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu. Laptopu inapowaka huisoma chipu hiyo kupitia waya huo mmoja, na chaja halali ya wati 65 hujibu kwa mfululizo wa herufi unaoanza hivi:

```
DELL00AC065195033
```

Baada ya jina la kampuni na herufi AC, 065 ni wati 65, 195 ni volti 19.5, na 033 ni ampea 3.3. Zinazofuata ni namba za utambulisho na za kuhakiki kwamba maneno hayakuharibika njiani. Laptopu isipopata jibu haijui inaweza kuvuta umeme kiasi gani kwa usalama, hivyo inachagua tahadhari. Inaacha kuchaji betri na kuipunguza kasi ya prosesa, wakati mwingine hadi chini ya gigahezi 1. Ule uzito aliolalamikia mpwa wangu haukuwa virusi wala ugonjwa wa Windows. Mashine ilikuwa inajibana yenyewe.

Lakini ujumbe ule peke yake haukutosha kuihukumu chaja. Chaja halali kabisa hutoa ujumbe huo huo ikiwa pini ya katikati imepinda, au waya wake mwembamba umekatika ndani ya ganda. Hata tundu la laptopu likilegea mambo huwa yale yale. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa shaka upande wa mashine. Alichukua chaja ya mwenzake wa bwenini mwenye laptopu ya aina hiyo hiyo, akaichomeka, akawasha huku akibonyeza F2. Katika ukurasa wa betri mashine iliandika kwamba imeunganishwa na chaja ya wati 65. Akarudisha ile ya paundi 9, mashine haikuitambua. Tundu lilikuwa zima. Kasoro ilikuwa kwenye chaja.

Volti zilikuwa sawa, nguvu hazikuwapo

Mafundi wengi hapa wangechukua multimita, wakapima nchani, wakapata volti 19 na ushee, wakasema chaja ni nzima. Mpwa wangu naye alipima, akapata 19.6. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinachukuliwa chaja ikiwa haina mzigo. Bomba lililoziba nusu nalo hujaza kikombe. Upungufu wake hujulikana unapotaka kujaza pipa.

Fundi wa maabara ya umeme chuoni kwake aliifunga kwenye mzigo wa majaribio, kifaa kinachovuta ampea kadiri unavyokiamuru. Kwa ampea 1.5 volti zilibaki karibu 19. Alipofikisha ampea 2.5 zilishuka hadi 15, ganda likapata moto usioshikika, kisha chaja ikajizima. Ukizidisha volti 19 kwa ampea 1.5 unapata kama wati 28. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake halisi ya kutumika, chini ya nusu ya wati 65 zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ile chipu ya utambulisho hutoa maelezo tu, haipimi chochote. Mwenye kughushi akinakili maneno ya chipu halali na kuyaweka kwenye chipu yake, laptopu itayaamini na kuanza kuvuta umeme wa wati 65 kutoka kwenye bodi inayoweza 28. Ujumbe hautatokea, betri itachaji, na joto litaongezeka chini ya meza bila mtu kushtuka. Feki isiyo na chipu inajifichua mapema. Yenye chipu ya kunakili ndiyo ya hatari zaidi, na huwezi kuijua kwa F2 wala kwa multimita.

Plagi na bodi

Waya wa ukutani ulikuwa na ushahidi wake, na huu hauhitaji maabara. Plagi ya Uingereza ina pini tatu bapa, na kiwango chake kinaitwa BS 1363. Pini mbili fupi huvikwa plastiki nusu ya urefu wake ili kidole kisiguse umeme plagi inapochomolewa. Ile ndefu ya ethi haitakiwi kuvikwa, kwa sababu ni lazima igusane na chuma ndani ya soketi. Plagi ya mpwa wangu ilikuwa imevika plastiki pini zote tatu. Ndani yake panapotakiwa fyuzi yenye alama ya BS 1362, ambayo kwa waya wa laptopu huwa kwa kawaida ya ampea 3, hapakuwa hata na mlango wa kuiwekea. Na multimita ilipowekwa kwenye mlio, upande mmoja kwenye pini ya ethi na mwingine kwenye tundu la ethi la upande wa chaja, haikulia. Waya wa ethi haukuwamo kabisa.

Hilo lilieleza dalili nyingine aliyoitaja baadaye, kwamba akigusa skrubu za chini ya laptopu alihisi kama anatekenywa. Mtekenyo huo hauthibitishi ufeki. Chaja nzuri ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ethi nayo huutoa, kwa kuwa kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa laptopu ili kupunguza kelele za umeme. Mkondo unaopita hapo ni mdogo sana, mradi kapasita iwe ya daraja la usalama, inayoandikwa Y1 au Y2, ambayo imeundwa ili ikifa isiache njia ya umeme kupita.

Fundi alipoifungua, kapasita ya chaja hii ilikuwa ya kawaida, haina alama ya Y. Bodi yenyewe ilikuwa na kosa kubwa zaidi. Katika kila chaja ya aina hii bodi imegawanyika. Upande mmoja una umeme wa ukutani, ambao ukishageuzwa hufika kama volti 325, na upande wa pili una volti 19.5 zinazokwenda mikononi mwako. Viwango vya usalama hutaka pande hizo zitenganishwe kwa milimita 5 hivi au zaidi juu ya bodi, na bodi nyingi nzuri hukatwa mwanya katikati ili kuongeza umbali. Hapa risasi za pande mbili zilikaribiana milimita 1 na nusu, na hapakuwa na mwanya. Vumbi lenye unyevu au tone la risasi iliyolegea lingetosha kuziunganisha.

Na ile pini ya katikati? Waya wake ulifika kwenye bodi, ukalehemiwa, ukaishia hapo. Pembeni yake palikuwa na matundu matatu madogo yaliyochorewa nafasi ya chipu, matupu. Mchoro wa bodi uliiwekea chipu nafasi yake. Aliyeitengeneza akaiacha ili kuokoa gharama.

Mpwa wangu alidai fedha zake. Kwa sheria ya Uingereza anayenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara huwa na siku 14 za kubadili mawazo, na Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Muuzaji alitaka kumrudishia paundi 3 abaki nayo. Akakataa, akaiomba benki iliyotoa kadi yake irudishe malipo, na ikarudisha. Kisha akatoa taarifa kwa huduma ya watumiaji ya Citizens Advice, ambayo huzifikisha kwa maofisa wa Trading Standards.

Kununua chaja ya kampuni nyingine si kosa. Zipo nzuri zinazouzwa kwa jina lao wenyewe na kwa bei nafuu. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine, na aliyedanganya kwenye jina hana sababu ya kusema kweli kwenye wati. Plagi zetu Tanzania, Kenya na Uganda ni hizo hizo za BS 1363, kwa hiyo ukaguzi wa pini ya ethi na fyuzi unafaa hapa kama unavyofaa Leeds. Ufanye kabla hujachomeka. Usiifungue chaja mwenyewe, maana kapasita yake kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na ikishajulikana ni feki, ukate waya wake kabla ya kuitupa, na usimpe ndugu nyumbani kwa kuwa "bado inawaka".