Mtu wa Pili Asiambiwe Jibu: Barua kwa Wauguzi na Wakunga wa Wodi ya Wazazi

Ndugu wauguzi na wakunga,

Kuanzia zamu ya asubuhi ya Jumatatu ijayo, dawa tatu za sindano hazitamfikia mama katika wodi yetu kabla hazijahakikiwa na watu wawili, kila mmoja kwa hesabu yake mwenyewe. Dawa hizo ni magnesiamu salfeti, insulini na heparini. Najua wengi mtauliza: mbona tayari tunasaini wawili? Ni kweli, saini mbili tunazo. Nataka kueleza kwa nini saini hizo hazijatosha, na nitaeleza kwa magnesiamu, maana ndiyo tunayoichoma mara nyingi na hesabu yake ni rahisi kuteleza.

Mnaijua dozi ya kuanzia ya kifafa cha mimba. Mama hupewa gramu 4 mshipani, polepole, si chini ya dakika 5, zikiwa zimechanganywa hadi nguvu ya asilimia 20. Papo hapo hufuata gramu 10 msulini, gramu 5 kila tako, safari hii kwa nguvu ya asilimia 50 bila kuongeza maji, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ndani ya sirinji ileile. Jumla ni gramu 14. Kwa hiyo kwenye trei moja, katika dakika zilezile, zimelala sirinji tatu za dawa moja, zenye nguvu mbili tofauti na njia mbili tofauti, na zote zina maji meupe yasiyo na alama yoyote ya kuzitofautisha kwa macho.

Hesabu ya sindano ya mshipa ni hii. Asilimia 50 maana yake gramu 1 imo katika mililita 2. Gramu 4 ni mililita 8. Ukiongeza mililita 12 za maji ya sindano unapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20. Kwa muda mrefu tumekuwa tukipokea ampuli za mililita 4, kila moja na gramu 2, na ndipo ikazaliwa lugha yetu ya wodini: "dozi ya mshipa ni ampuli mbili." Mkunga mpya hufundishwa hivyo, na usiku mtu huitikia hivyo bila kuwaza gramu wala mililita.

Sasa famasi imetuletea ampuli za mililita 10, zenye gramu 5 kila moja. Nguvu ni ileile ya asilimia 50, kilichobadilika ni ujazo. Tuchukue mfano wa mama anayeletwa usiku akiwa amepata degedege njiani. Mkunga anafungua kabati, mkono wake unafanya ulichozoea, anavunja ampuli mbili. Mililita 20 zinaingia kwenye sirinji ya mililita 20 na kuijaza sawasawa, kama inavyojaa kila siku. Hakuna nafasi iliyobaki ya maji, na katika haraka ile hakuna anayeikumbuka. Anamgeukia mwenzake na kusema: "Magnesi ya mshipa, gramu nne, ampuli mbili, imetimia ishirini. Nisainie." Mwenzake anatazama. Jina la dawa ni sahihi, tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita, sirinji imejaa hadi ishirini. Anasaini.

Ndani ya sirinji ile mna gramu 10, si 4, na nguvu yake ni asilimia 50, si 20. Ni mara mbili na nusu ya dozi iliyoandikwa, ikielekea moja kwa moja mshipani. Mama atahisi joto kali, shinikizo la damu linaweza kuporomoka, goti halitaitikia tena likigongwa, na kikiendelea kupanda kiwango cha dawa mwilini pumzi husimama, kisha moyo.

Tazameni kwamba katika mfano huu hakuna aliyekuwa mvivu. Mtu wa pili alikagua kweli. Tatizo ni kwamba alipewa jibu kabla hajauliza swali. Aliposikia "gramu nne, ampuli mbili", macho yake yalitafuta kinachokubaliana na maneno hayo, na kila alichokiona kilikubaliana nayo. Alikagua kauli ya mwenzake, hakukagua dawa. Westbrook na wenzake waliwahi kufuatilia kwa macho wauguzi wa hospitali ya watoto nchini Australia wakati wa kutoa dawa, na wakakuta kwamba uhakiki mwingi mno ulikuwa wa namna hii, wa mtu wa pili kuambiwa kwanza, na kwamba kule ulikolazimishwa na kanuni haukuonekana kupunguza makosa kuliko mtu mmoja. Naliandika hili ili mjue kwamba sidai saini zaidi. Nadai kazi ya aina nyingine.

Kazi yenyewe ni hii. Anayeandaa anamwita mwenzake kwa maneno mawili tu: "Njoo unihakikie." Hasemi dozi, hasemi idadi ya ampuli. Mtu wa pili anakwenda kwenye faili la mama na kusoma maagizo mwenyewe. Kisha anachukua ampuli, anasoma jina, nguvu na ujazo wake, na kuandika kwenye fomu mpya mililita za dawa na mililita za maji anazozitarajia. Akishaandika ndipo anaitazama sirinji. Katika mfano wetu angeandika "dawa mililita 8, maji mililita 12", halafu angeona ampuli mbili tupu za mililita 10 na hakuna hata kichupa kimoja cha maji kilichofunguliwa. Hapo kosa linajionyesha lenyewe.

Kwa sababu hiyo, ampuli tupu na vichupa vya maji havitupwi hadi mtu wa pili amalize. Vibaki kwenye trei kando ya sirinji yake. Kioevu kilicho ndani ya sirinji hakiwezi kukuambia kilikotoka, lakini ampuli tupu zinaweza. Na kila sirinji ibandikwe karatasi yenye jina la dawa, gramu, nguvu na njia, neno MSHIPA au MSULI likiandikwa kwa herufi kubwa. Ile yenye lignokeini ni ya msuli tu. Ikiingia mshipani, mama atakuwa amepewa magnesiamu isiyoongezwa maji, pamoja na dawa ya ganzi.

Hesabu zikitofautiana, asiwepo wa kumshawishi mwenzake. Mdogo kwa cheo asimkubalie mkubwa kwa adabu, na mkubwa asiseme "niamini, nimekaa hapa miaka mingi." Nyote wawili rudini kwenye maagizo na muanze upya kila mmoja peke yake. Zikitofautiana tena, anaitwa daktari au mfamasia wa zamu. Tofauti hiyo iandikwe kwenye daftari bila kutaja nani alikosea. Sitamwita mtu ofisini kwa tofauti iliyokamatwa kabla ya sindano kuchomwa.

Kwa dozi za kuendeleza, gramu 5 msulini kila baada ya saa 4, uhakiki hauishii kwenye trei. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo dozi iliyo sahihi kabisa inaweza kuwa sumu kwa mama asiyetoa mkojo. Mtu wa pili aende kitandani na apime mwenyewe: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Goti huacha kuitikia kabla pumzi haijasimama, na ndiyo maana nyundo ina thamani kubwa hapa. Kunakili namba za mwenzako si kupima. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, gramu 1 ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, ikae kwenye sanduku lilelile la magnesiamu, ili pumzi zikisimama ianze kuchomwa polepole mshipani huku mmoja akimsaidia mama kupumua.

Mmeniuliza kuhusu dharura. Mama akiwa katika degedege, kanuni hii haimcheleweshi. Mmoja anamlaza ubavu na kulinda njia ya hewa, wa pili anavuta dawa, wa tatu akiwepo anahesabu kutoka kwenye kadi ya hesabu iliyomo kwenye sanduku la magnesiamu. Hesabu isemwe kwa sauti na yule asiyeishika sirinji, mwenye sirinji akisikiliza na kulinganisha. Fomu itajazwa baadaye. Woga wa kuchoma magnesiamu nao unaua: jaribio la Magpie lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba kwa wanawake wenye dalili za awali za kifafa cha mimba, dawa hii hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu.

Usiku wenye mkunga mmoja ni mgumu zaidi, na sitajifanya kwamba hauko. Mtu wa pili anaweza kuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, tabibu, daktari au mfamasia, lakini si mwanafunzi na si ndugu wa mgonjwa. Dozi ya kuendeleza inaweza kusubiri dakika chache hadi afike. Kama degedege limeanza na uko peke yako kabisa, hesabu kwa kadi, weka sirinji chini, hesabu tena kuanzia maagizo, choma, kisha andika "peke yangu" na saa. Kujihakikia mwenyewe ni kinga dhaifu, na maandishi hayo ndiyo nitakayoyapeleka kwa uongozi kudai mtu wa pili wa usiku.

Dawa ni tatu tu kwa makusudi. Insulini imo kwa sababu vizio vikiandikwa kwa herufi U, herufi hiyo husomeka kama sifuri na 4 ikageuka 40. Heparini imo kwa sababu kichupa chetu cha mililita 5 kina vizio 5,000 katika kila mililita, na mtu anaweza kudhani 5,000 ni kichupa kizima. Tukiongeza seftriaksoni na nyinginezo, mtachoka na uhakiki utarudi kuwa saini. Potasiamu kloridi haimo kwa sababu nyingine: ampuli yake inafanana mno na ya maji ya sindano, na hatari ya namna hiyo dawa yake ni kuiondoa rafuni, si kuihakiki. Imeshahamishiwa famasi.

Kila mwezi nitasoma daftari la tofauti. Likiwa tupu miezi mfululizo, sitafurahi. Nitajua tumerudi kuambiana majibu.

Wiki hii pitieni kadi ya sanduku katika makabidhiano ya kila zamu, na acheni kabisa kutaja dozi kwa idadi ya ampuli. Tajeni gramu na mililita. Mwenye kuona hatua isiyowezekana katika zamu yake aniambie kabla ya Jumatatu, nami nitaibadilisha pamoja naye.

Muuguzi Mfawidhi,
Wodi ya Wazazi