Dalali Anayefungua Jabia Kwanza

Manda ina uwanja wa ndege na mawe ya kujengea, lakini maji matamu ni shida yake ya tangu zamani. Mji wa Takwa, ambao magofu yake yangalipo kisiwani, ulihamwa karne ya 17, na maji kugeuka chumvi ni sababu inayotajwa sana. Dalali ninayemsifu hapa huanzia kwenye shida hiyo, bila kungoja aulizwe.

Nilimfuata akiwaonyesha mke na mume nyumba inayotazama Shela. Mume moyo wake ulikuwa juu, kwenye baraza ya makuti inayopigwa na kusi. Mke aliuliza maji, kisha akauliza: mtoto akiugua usiku, tutavukaje kwenda Lamu?

Madalali wengi huchagua mmoja wa kumvuta, wakitumai atamvuta mwenzake. Huyu hakufanya hivyo. Aliinua mfuniko wa jabia, akateremsha ufito, akapima: mita 4 kwa 3, kina mita 2 na nusu. Yaani lita 30,000 ikijaa. Akamgeukia mke: "Mama, nyumbani mwatumia maji kiasi gani?" Wakakadiria lita 200 kwa siku. Jabia ikijaa mwisho wa Juni, masika yakiisha, itawafikisha mwisho wa Novemba. Vuli huku ni haba, na masika hayarudi mpaka Aprili. Miezi hiyo watanunua maji ya kuletwa kwa boti, na bei yake aliitaja palepale.

Hapo mume akaanza kusikiliza. Alitaka sehemu ya nyuma, yenye dari bapa ya chokaa, nayo iezekwe makuti. Dalali akamweleza kwamba dari ile ndiyo inayokinga mvua ya jabia. Maji ya makuti hutoka na rangi ya chai na takataka. "Bwana, baraza yako ya mbele iache ilivyo. Dari ya nyuma usiiguse." Nyumba moja ikawa imewajibu wote wawili, kila mmoja kwa swali lake.

Swali la usiku hakulijibu kwa mdomo. Aliwaita tena asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa, wakaona boti ikikwama mbali na ngazi na wao wakitembea kwenye tope. Hilo lingeweza kumharibia biashara. Mke alisimama topeni akitazama ng'ambo, kisha akauliza gharama ya kurefusha gati. Mwenye kuuliza gharama ameanza kuiona nyumba kuwa yake, na amefika hapo kwa sababu hakufichwa kitu.

Kabla ya pesa yoyote ya rubuni, dalali aliwataka wapeleke namba ya hati kwa wakili, afanye upekuzi kwenye masjala ya ardhi, na mpimaji awaonyeshe mawe ya mpaka.

Nanyi mkienda kutazama nyumba Manda, ombeni jabia ifunguliwe kabla hamjapanda juu kutazama bahari, na rudini siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa.