Hifadhi Kubwa Kuliko Zote ni Ipi?

Kosa la tahajia kwenye karatasi ya mtihani huonwa hata na mpita njia. Jicho la fundi linahitajika kwa swali ambalo siku lilipotungwa lilikuwa sahihi kabisa, likahifadhiwa kwenye faili au flashi, mambo yakabadilika, lenyewe likabaki palepale. Swali la namna hiyo halina dalili. Kiswahili chake ni safi, machaguo yake yamepangika, jibu lake limo kwenye mwongozo wa kusahihisha, na huenda liliwahi kutoka katika mtihani ulioheshimika. Ndiyo maana hupita.

Mwalimu ninayemfikiria ninapoandika haya amefundisha Maarifa ya Jamii katika shule za msingi hapa Tanzania kwa miaka mingi. Wilaya inapoandaa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, ule ambao walimu huuita moko, yeye huwa miongoni mwa wanaoitwa kuhakiki. Vijana wanaokaa naye mezani kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi anavyoanza. Hataki kuuona mwongozo wa majibu. Anachukua karatasi na kuufanya mtihani mzima kwa penseli, kama mtahiniwa, bila kuruka swali. Akimaliza ndipo anaufungua mwongozo na kulinganisha. Jibu lake likitofautiana na la mtunzi, ama amekosea yeye, ama amekosea mtunzi, ama swali lina majibu mawili. Anayesoma swali huku jibu likiwa mbele yake ameshashawishika kabla hajafikiri, na hataliona lile la pili.

Chukua swali hili, ambalo limezunguka sana katika mitihani ya majaribio: Hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini Tanzania ni ipi? Machaguo ni Serengeti, Mikumi, Ruaha, Tarangire na Ziwa Manyara. Mwongozo unasema Ruaha. Mtunzi hakubahatisha, kwa sababu kitabu kinasema hivyo na yeye mwenyewe alifundishwa hivyo. Lakini swali hili limebadili jibu mara mbili katika kipindi kisichofika miaka ishirini. Zamani jibu lilikuwa Serengeti. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Ruaha, na Ruaha ikapanda hadi kilomita za mraba zaidi ya 20,000, ikaipita Serengeti yenye zaidi kidogo ya 14,700. Kisha mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ikamegwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye takribani kilomita za mraba 30,000. Tangu hapo Ruaha ni ya pili.

Sasa angalia kinachompata mtoto. Anayejua habari za sasa anaitafuta Nyerere kwenye machaguo na haioni. Anaanza kujitilia shaka, anapoteza dakika, na mwishowe anakisia. Asiyejua lolote zaidi ya kitabu cha zamani anapata alama. Mtihani umemwadhibu aliyejua zaidi, na takwimu za matokeo hazitaonyesha kwa nini.

Mhakiki wa haraka angeandika Nyerere mahali pa Mikumi, akabadili jibu kwenye mwongozo, akaendelea na swali linalofuata. Mwalimu huyu hafanyi hivyo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anauliza kwanza mtoto huyu amesoma kitabu gani. Kama shuleni kwake kitabu kilichopo kilichapwa kabla ya mabadiliko na kinasema Ruaha, kumnyima alama kwa kukiamini ni kumwonea, na kumpa alama kwa jibu lisilo la kweli ni kufundisha uongo kwa muhuri wa wilaya. Pale kitabu na hali halisi vinapogombana, swali halirekebishwi kwa kuchagua upande. Linasogezwa hadi mahali ambapo vyote viwili vinakubaliana, au linaondolewa.

Njia moja ni kubadili shina la swali: Kati ya hifadhi zifuatazo, ipi ni kubwa zaidi? Kwa machaguo yaleyale, jibu ni Ruaha mwaka 2010 na ni Ruaha leo, mtoto awe na kitabu kipya au cha zamani. Maneno machache yameliokoa swali. Lakini hakuishia hapo. Aliuvuta muhtasari wa somo, akatafuta umahiri mahususi ambao swali hilo linaupima, akakuta mtoto anatakiwa kuelewa rasilimali za nchi na matumizi yake katika uzalishaji mali. Kukariri ni ipi inazidi ipi kwa ukubwa si sehemu ya hayo. Basi akalifuta kabisa na kumwomba mtunzi alete swali la faida za utalii kwa wakazi wa maeneo yanayozunguka hifadhi.

Mlinganisho huo na muhtasari ndio sehemu ndefu ya kazi. Anaweka karatasi kushoto, muhtasari kulia, na pembeni ya kila swali anaandika kwa penseli umahiri linaoupima. Swali lisilopata mahali pa kukaa anaandika mbele yake neno “yatima.” Baadaye anahesabu na kulinganisha na jedwali la utahini, maana kuna karatasi ambayo kila swali lake lina mwenyewe, ila nusu nzima ya maswali inatoka kwenye mada moja ambayo mtunzi anaipenda.

Miaka hii kazi hiyo imepata mtego mpya, nao ni kujua muhtasari upi ni wa sasa kwa darasa lipi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na haukuingia madarasa yote kwa pamoja. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo wanausoma huo mpya, wakati waliokuwa darasa la nne wanaendelea na ule wa zamani hadi watakapomaliza la saba. Kwa mpango huo makundi hayo mawili yatamaliza mwaka mmoja, 2027, moja likiwa darasa la sita na jingine la saba. Kwenye mtaala mpya hakuna tena somo linaloitwa Maarifa ya Jamii. Yapo Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Sayansi na Teknolojia imekuwa Sayansi. Kwa hiyo swali linaweza kuwa la kweli, zuri, lenye jibu moja, na bado likawa si la darasa lile. Kijana mmoja alimwambia, “Mwalimu, lakini muhtasari huu ndio mpya.” Akamjibu, “Mpya kwa nani? Hawa unaowatungia hawajawahi kuuona.” Muhtasari wa sasa ni ule ambao mtoto anayeketi kwenye dawati lile alifundishwa.

Turudi kwenye ukweli wenye tarehe. Swali analolitilia shaka kuliko yote ni lile la kukanusha: Ni nchi gani kati ya hizi si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki? Machaguo: Burundi, Uganda, Somalia, Rwanda, Kenya. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Somalia bila ubishi. Somalia ilikubaliwa na wakuu wa nchi Novemba 2023 na ikakamilisha uanachama Machi 2024, na swali hilo likabaki bila jibu hata moja, bila mtu kugusa herufi. Kabla yake yaliyapata hayohayo maswali yaliyoitumia Sudan Kusini, iliyojiunga 2016, na yale ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga 2022. Swali la “wanachama ni wangapi” nalo lilikuwa na jibu tano, kisha sita, kisha saba, na sasa nane.

Hapa alifanya kitu kidogo chenye akili kubwa. Alibadilisha swali liulize kuhusu nchi zilizotia saini mkataba wa kuifufua jumuiya mwaka 1999. Hizo ni Kenya, Uganda na Tanzania, na historia haitazibadili. Na kwa kuwa kipotoshi kizuri ni kile kinachomvuta asiyejua, aliiweka Zambia miongoni mwa machaguo, jirani tunayepakana naye ambaye si mwanachama. Hata Zambia ikijiunga kesho, haitakuwa imetia saini mwaka 1999. Swali hilo linaweza kukaa kwenye flashi miaka kumi bila kuoza.

Ramani anazipitia kwa kidole, polepole, akifuata mipaka. Ramani inayonakiliwa kutoka kitabu cha zamani huwa inakosa mikoa ya Njombe, Katavi, Simiyu na Geita, iliyoanzishwa 2012, na ikiwa ya baadaye kidogo bado inakosa Songwe, iliyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anaitazama Tunduma, mji wa mpakani na Zambia. Ikiwa ndani ya Mbeya, ramani imepitwa. Kisha anaiangalia Mpanda kama bado iko Rukwa, Makambako kama bado iko Iringa, na Bariadi kama bado iko Shinyanga. Miji minne inamtosha kujua umri wa ramani, hata kama mtunzi amefuta jina la kitabu alikoitoa. Ramani iliyopitwa haitii doa swali lake peke yake. Mtoto anaweza kuitumia kujibu swali jingine linalotaja mikoa, akakosa kwa kuiamini karatasi aliyopewa na wakubwa.

Kuna takwimu ambazo haziepukiki, na idadi ya watu ni mojawapo. Hapo hazifuti, anazifunga kwa mwaka. “Tanzania ina watu wangapi?” ni swali lisilo na jibu, kwa sababu watoto wanazaliwa wakati linasomwa. Lakini kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 jibu ni 61,741,120, na hata sensa nyingine ikifanyika, sentensi hiyo itabaki kweli.

Marekebisho yote yakishaingizwa, anaufanya mtihani tena kuanzia swali la kwanza. Wengi huiruka hatua hii kwa uchovu, nami nawaelewa, ila makosa mapya huzaliwa humo. Chaguo lililobadilishwa linaweza kuleta jibu sahihi la pili. Swali jipya linaweza kutaja jambo ambalo swali jingine mbele linaliuliza, likampa mtoto jibu la bure. Namba ikisogea, mwongozo usiposogea nao, majibu yote ya chini yanahama. Sahihi yake huja baada ya hapo tu.

Mwalimu unayetunza maswali ya zamani kwenye flashi, fanya jambo moja kabla ya mtihani ujao: mbele ya kila swali andika mwaka ulipolithibitisha na kitabu au chombo ulichokitumia kulithibitisha. Lisilo na mwaka usilipeleke kwa mhakiki.