"Naanza lini?" na siku 28 za notisi

Mhasibu msaidizi wa Dar es Salaam amepata kazi mpya akiwa bado ameajiriwa kwingine. Rasimu ya barua pepe yake ilikuwa hivi:

"Habari, nime furahi sana kwa nafasi mlio nipatia. Nipo tayari kuanza hata kesho, kuna kampuni niko ila ntaongea nao. Je naanza lini?"

Makosa ya maandishi yanarekebishika upesi. "Nime furahi" ni neno moja, nimefurahi. "Ntaongea" ni nitaongea. "Mlio nipatia" lina makosa mawili: limekatwa, na halikufuata ngeli. Nafasi hii, kwa hiyo mliyonipatia.

Kosa zito limo katika "hata kesho". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Akikataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye malipo yake ya mwisho. Ile "hata kesho" ingeweza kumgharimu karibu mshahara wa mwezi mzima, na bosi mpya angekuwa ameshampangia Jumatatu.

Tena, "naanza lini?" inamwachia ofisa rasilimali watu kukisia. Anayejua lini atakuwa huru ni mwombaji mwenyewe, kwa hiyo ndiye wa kutaja tarehe. Baada ya marekebisho, chini ya kichwa "Kukubali nafasi ya Mhasibu Msaidizi", barua ilisomeka:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
Nashukuru kwa nafasi mliyonipatia kwa barua ya tarehe 27 Mei 2025. Naikubali kwa masharti yaliyomo. Nakala niliyosaini nimeiambatisha. Natakiwa kumpa mwajiri wangu wa sasa notisi ya siku 28. Nikipata uthibitisho wenu kufikia Ijumaa tarehe 30 Mei, nitatoa notisi Jumatatu tarehe 2 Juni na kuripoti kwenu Jumanne tarehe 1 Julai. Je, tarehe hiyo inawafaa? Naomba pia kujua nije na nyaraka gani."

Hesabu yake ni hii: notisi inatolewa tarehe 2, siku zinaanza kuhesabiwa tarehe 3, na ya 28 inaangukia tarehe 30 Juni.

Ninachokipenda zaidi hapo ni neno "nikipata". Notisi imefungwa kwenye uthibitisho, kwa hiyo jibu likichelewa wiki moja, tarehe ya kuripoti nayo inasogea wiki moja, na kazi ya zamani bado ni yake.

Kabla ya kutuma alibakiwa na jambo moja, kufungua mkataba wake wa sasa. Siku 28 ni kima cha chini tu. Mkataba ukidai notisi ndefu zaidi, tarehe 1 Julai haisimami, na hesabu yote hurudiwa kuanzia tarehe 3 Juni.