Paka Anayeumwa Husomwa Usoni

Paka mwenye maumivu halii kama mbwa. Hujikunyata pembeni, na mwenye nyumba akadhani amelala. Kwa sababu hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, akiwamo Paulo Steagall, walilinganisha nyuso za paka waliokuwa na maumivu na za paka wazima, wakatafuta ni nini hasa kinachobadilika. Mwaka 2019 walichapisha kipimo chenye alama tano: masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na mkao wa kichwa. Kila alama hupewa 0 ikiwa hakuna badiliko, 1 likiwa dogo, na 2 likiwa dhahiri. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka anahitaji dawa ya maumivu.

Tuchukue paka jike aliyetolewa kizazi asubuhi, akarudishwa nyumbani jioni. Masikio yameachana kidogo kuliko kawaida: 1. Macho yamefumba nusu: 1. Mdomo, ambao kwa paka aliyetulia huwa wa mviringo, umekaza na kubanwa: 2. Sharubu zilizozoea kupinda kwa ulaini zimeanza kunyooka: 1. Kichwa kimeshuka hadi usawa wa mabega: 1. Jumla ni 6. Huyo si wa kusubiri kesho. Daktari wa mifugo apigiwe simu usiku huohuo.

Kosa kubwa hutokea katika wakati wa kutazama. Paka anayekula, anayejilamba, anayelia au aliyelala hapimwi, maana usingizi peke yake hufumba macho na kushusha kichwa. Atazamwe akiwa macho, bila kuguswa, kwa nusu dakika hivi. Aliyetoka kwenye nusukaputi naye hudanganya jicho, kwa hiyo ni busara kumpima tena dawa ikishaisha mwilini.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa maumivu ya ghafla. Paka mzee mwenye viungo vilivyochakaa anaweza kuwa na uso mtulivu kabisa huku akiteseka kwa miezi, na hapo ushahidi uko kwenye mwendo wake. Je, bado anarukia dirishani kwa mruko mmoja, au anapitia kwanza kwenye kiti? Akishuka ngazi, anasitasita? Ameacha kukimbiza kamba? Manyoya ya mgongoni yamesokotana kwa sababu hawezi tena kujipinda kuyalamba? Video fupi ya simu, akiruka na kushuka nyumbani kwake, humsaidia daktari sana, kwa kuwa kliniki paka huganda kwa hofu.

Hata maumivu yakionekana wazi, paka asipewe Panadol kamwe, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Dawa hiyo huharibu chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua.