Maji yana kipimo, pampu haina

Ripoti ya udongo ilisema mchanga wa kiwanja hicho cha Kigamboni unaweza kubeba kilonewtoni 290 kwa kila mita ya mraba. Mchora ramani akaichukua namba hiyo, akachora vitako vya nguzo vya mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 1, kila nguzo ikishusha takriban kilonewtoni 500, yaani tani 50 hivi. Ukigawanya unapata 222, na 222 ni ndogo kuliko 290. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Nilipopewa ripoti ile niipitie, macho yangu yalikwama kwenye tarehe. Mashimo yalitobolewa mwezi Septemba, na maji yalikutwa mita 3 chini. Mimi nilikuwa kiwanjani mwezi Mei, masika bado haijaisha, na jirani ana kisima cha wazi kando ya uzio. Tulifunga jiwe kwenye uzi tukalishusha. Uzi ulirudi ukiwa mkavu sentimita 50 tu za juu. Wenyeji wakatuambia kuna miaka ambayo maji huonekana juu ya ardhi kabisa.

Basi swali ni moja: maji yakipanda kutoka mita 3 hadi usawa wa ardhi, mchanga unapoteza nguvu kiasi gani?

Kwanza niondoe dhana moja ambayo hata mafundi wazoefu wanayo, kwamba maji hulainisha punje zikateleza kama zilizopakwa mafuta. Sivyo. Pembe ya msuguano ya mchanga safi haibadiliki kwa maana yoyote ya kujali ukiulowesha. Kama ni nyuzi 32 mkavu, ni nyuzi 32 ndani ya maji. Kinachobadilika ni uzito. Mchanga hubeba jengo kwa sababu punje zinakandamizana, na zinakandamizana kwa sababu ya uzito wa punje zilizo juu yake. Maji yakijaa kati yao huziinua, kama yanavyomfanya mtu ajione mwepesi akiwa baharini. Mchanga wetu ulikuwa na kilonewtoni 17 kwa mita ya ujazo ulipokuwa na unyevunyevu tu. Ukizama, uzito unaobaki kukandamiza ni kama 10.

Hesabu yenyewe inatokana na kazi ya Karl Terzaghi, aliyoitoa katika kitabu mwaka 1943, ikaja kuboreshwa na Meyerhof, Vesic na wengine. Kwa mchanga usio na mshikamano inabaki na vipande viwili:

```
q = γ1·D·Nq·sq + 0.5·γ2·B·Nγ·sγ
```

Kipande cha kwanza ni mchanga ulio pembeni mwa kitako, kuanzia usawa wa ardhi hadi chini ya kitako, kina D. Kazi yake ni kukalia mchanga wa chini usifurike kwenda juu pale nguzo inapokandamiza. Kipande cha pili ni mchanga ulio chini ya kitako chenye upana B. Kila kipande kina uzito wake, γ1 na γ2, na hapo ndipo maji yanapoingia. Namba za N hutegemea pembe ya msuguano peke yake: kwa nyuzi 32, Nq ni 23.2 na Nγ, kwa njia ya Vesic, ni 30.2. Herufi s ni marekebisho ya umbo; kwa kitako cha mraba nilitumia 1.62 na 0.6.

Sasa tupandishe maji taratibu. Yakiwa mita 3 chini, hayagusi chochote, kwa sababu eneo la mchanga linalohusika huishia takriban upana mmoja wa kitako chini yake, yaani mita 2.5 kutoka juu. Kipande cha kwanza kinatoa 639, cha pili 231, jumla 870. Igawe kwa 3 kwa ajili ya usalama, unapata 290 ya ripoti. Hesabu yao haikuwa na kosa.

Maji yakipanda hadi chini ya kitako, kipande cha pili pekee ndicho kinachopungua: 231 inakuwa 136, na jumla ni 775. Mita moja na nusu ya maji imekula 95 tu. Lakini maji yakiendelea mita moja ya mwisho, kutoka chini ya kitako hadi usawa wa ardhi, kipande cha kwanza kinashuka kutoka 639 hadi 376, na jumla inabaki 512. Mita hiyo moja imechukua 263, karibu mara tatu ya zile za kabla yake.

Watu wengi hulikosa jambo hili. Wamesoma kwamba maji yakifika chini ya kitako hali ni mbaya, basi wanapunguza kipande cha pili na kuridhika. Kwenye kitako kidogo kama hiki, mlinzi mkubwa ni ule mchanga wa pembeni, na unazama katika zile siku chache za mwaka ambazo mtobozi hakuwepo.

Hata hivyo 512 ukiigawa kwa 222 unapata 2.3. Ni pungufu ya 3 tuliyoitaka, ila jengo halianguki. Kwa hili peke yake ningepanua vitako kidogo na kwenda zangu. Maji yaliyotulia yana kipimo: hata yapande vipi, uzito hauwezi kushuka chini ya hiyo 10, na uwezo wa mchanga huu hauwezi kupungua zaidi ya asilimia 41.

Tatizo lilikuwa shimo la tatu la kitako.

Mashimo mawili ya kwanza yalikuwa upande wa juu wa kiwanja. La tatu lilipofika sentimita 50 maji yakaanza kuingia. Fundi akaleta pampu, akachimba kishimo katikati kabisa ya shimo, kina nusu mita zaidi, akatumbukiza bomba la kunyonyea humo. Ndiyo njia rahisi, na karibu kila mtu huifanya hivyo. Maji yakashuka, vijana wakaendelea na machepe.

Nilipofika nilikuta sakafu ya shimo inachemka. Sitii chumvi: palikuwa na vijiduara vidogo vyenye kipenyo cha kikombe cha kahawa, kila kimoja kinarusha punje juu katikati na kuzilaza pembeni kama kichuguu cha siafu. Kijana mmoja buti lake lilizama hadi kifundoni. Siku iliyotangulia, mahali hapo hapo, alikuwa anasimama bila shida.

Maji ya nje yalikuwa yamesimama karibu mita moja juu ya kishimo cha pampu. Yalikuwa yanapita chini na kupanda kwa kasi kupitia sakafu. Maji yakipoteza kimo cha takriban mita moja katika kila mita moja ya mchanga yanayoipanda, nguvu yake ya kusukuma juu inalingana na ule uzito wa 10 uliobaki. Punje hazikandamizani tena kabisa. Zinaelea, na maji yakisimama zinatua upya zikiwa zimeachana kuliko mwanzo.

Kupima ni rahisi. Chukua nondo ya milimita 12, uisukume kwa mkono. Kwenye shimo la kwanza nondo iligoma baada ya sentimita chache, ikabidi ipigwe nyundo. Kwenye la tatu iliingia nusu mita kama inaingia kwenye uji mzito. Mchanga huo si wa nyuzi 32 tena. Niliukadiria nyuzi 28.

Nyuzi nne zinaonekana kidogo, lakini namba za N hazipandi wala kushuka kwa mstari ulionyooka. Nq inakuwa 14.7, Nγ inakuwa 16.7. Maji yakiwa usawa wa ardhi, jumla inashuka hadi 300, na 300 kwa 222 ni 1.35. Hesabu hii inachukulia kwamba mchanga wote unaohusika umelegea, na hiyo ni kali kuliko hali halisi, kwa kuwa chini zaidi huenda bado ulikuwa mgumu. Lakini kabla hata ya kufika kwenye kuvunjika, kitako hiki kingetitia zaidi ya vile viwili vya juu, na kutitia kwa tofauti ndiko kunakopasua kuta.

Na kutitia kunahitaji neno lake. Terzaghi na Peck, mwaka 1948, walipunguza nusu mzigo unaoruhusiwa pale maji yanapofika kwenye kitako. Meyerhof baadaye akasema hakuna haja, kwa kuwa idadi ya mapigo ya nyundo wakati wa kupima udongo tayari ina athari ya maji ndani yake. Mimi nakubaliana naye, kwa sharti kwamba nyundo ilipigwa ndani ya maji. Mapigo yetu ya mwezi Septemba, 16 kwa sentimita 30, yalihesabiwa juu ya maji. Hayajui kitu kuhusu masika.

Tulizima pampu, tukaacha maji yarudi. Kisha tukachimba mashimo mawili ya kunyonyea nje ya shimo la kitako, mita 2 pembeni, yakashuka chini zaidi ya usawa wa kitako, yakapangwa kokoto pembeni ili mchanga usifuatane na maji. Ukinyonya kutoka hapo, maji ya chini ya kitako huvutwa kwenda chini na pembeni, hayapandi. Usiku kucha pampu ikavuma. Asubuhi maji yalikuwa nusu mita chini ya sakafu, na hapo tu ndipo tulipouondoa mchanga uliolegea na kushindilia kokoto kwa mashine, tabaka kwa tabaka. Ukishindilia maji yakiwa usoni unauchemsha upya.

Kwa vitako vilivyobaki nilipendekeza tuache kuyafuata maji. Kitako cha mita 2 kwa 2, kina sentimita 60 tu, kinasambaza kilonewtoni 500 hadi 125. Mchanga ukiwa nyuzi 32 na maji usawa wa ardhi, uwezo ni 407, na usalama unapanda hadi 3.3. Ni kipana zaidi na hakiendi chini sana, kwa hiyo ukikichimbia Agosti pampu haihitajiki kabisa. Fundi alinung'unika kuhusu nondo na zege la ziada, mpaka tulipoweka pembeni mafuta ya pampu ya siku tatu.

Hesabu hizi ni za mzigo uliotulia. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa ni habari nyingine. Niigata, Japani, mwezi Juni 1964, majengo mazima ya makazi yalilala ubavu huku kuta zake zikiwa hazijavunjika.

Shimo la tatu tulilipima tena kabla ya zege. Nondo ilisimama sentimita saba chini ya kokoto, na kijana wa buti ndiye aliyeomba aisukume mwenyewe.