Huyu Ndiye Mekatilili? Nani Kasema?

Kuna picha ambayo hutumwa kwenye magrupu ya huku kwetu Malindi na Kilifi bila neno hata moja. Mwanamke amesimama, amevaa hando, shanga zimejaa shingoni, anaitazama kamera moja kwa moja. Hakuna kapsheni, hakuna mwaka, hakuna swali. Aliyeituma hajasema anataka tufanye nini nayo. Lakini kabla chai haijapoa, mtu ashajibu: "Mekatilili wa Menza, shujaa wetu." Mwingine anaweka ngumi tatu. Wa tatu anaongeza: "Cheki hayo macho, hasira ya mkoloni yote iko hapo."

Sasa hesabu. Picha ilikuja bure, na tayari ina jina, ina historia, na ina hisia. Katika hivyo vitatu, hakuna hata kimoja kilichotoka ndani ya picha yenyewe.

Nasema "picha" kana kwamba ni moja, lakini sivyo. Tafuta jina la Mekatilili kwenye simu yako. Utapata sanamu yake ya Malindi, utapata mchoro ambao Google iliuweka Agosti 9, 2020, halafu utapata picha za kamera za wanawake tofauti, kila mmoja na uso wake, wote wamebandikwa jina hilo hilo. Hawawezi wote kuwa yeye. Na sanamu na mchoro haziwezi kutuamulia, kwa sababu hizo ni kazi za wasanii waliomwazia mtu aliyefariki miaka mingi kabla wao hawajazaliwa. Ukilinganisha picha na sanamu, unalinganisha uso na mawazo ya fundi.

Tuanze na kinachoweza kusemwa, maana si kidogo. Chukua picha ya aina hiyo na uitazame polepole.

Hando linaonekana. Ni sketi fupi iliyojaa, ya vipande vya kitambaa vilivyokunjwa na kupangwa tabaka kwa tabaka hadi kiuno kinatanuka. Kwa hiyo unaweza kusema: huyu amevaa vazi la wanawake wa Kimijikenda. Huwezi kusema "Mgiriama" kwa sababu ya hando peke yake, kwani Wagiriama si Wamijikenda pekee waliolivaa. Wala vazi si kitambulisho. Wapiga picha wengi wa zamani walimpanga mtu wavyotaka: vaa hiki, vua kile, simama hapa. Kwa hiyo sentensi ya haki ni "amevaa hando", si "ni wa kabila fulani".

Kivuli nacho kinaonekana. Kikiwa kifupi, kimejikusanya karibu na miguu, jua lilikuwa juu, saa sita au karibu na hapo. Ni saa tu hiyo. Mwezi hakikupi, kwa sababu Malindi iko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta na kivuli cha adhuhuri ni kifupi mwaka mzima. Lakini hapo umepata kitu kingine cha maana: mtu aliyesimama kwenye jua la saa sita hukunja paji la uso. Ile "hasira ya mkoloni" inaweza kuwa ni jua tu. Inaweza kuwa ni kuchoshwa na mgeni anayesema "usitingishike". Inaweza kweli kuwa hasira. Uso mmoja, kwa sekunde moja, haukwambii ni ipi. Unachoweza kusema ni kwamba amekunja uso.

Halafu rangi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu picha nyeusi na nyeupe huonekana kama ushahidi usio na upendeleo. Sahani na filamu za kipindi hicho nyingi hazikuwa na usikivu kwa rangi nyekundu. Buluu ilitoka nyeupe-nyeupe, nyekundu ikatoka karibu nyeusi. Filamu zinazosikia rangi zote zilianza kuenea miaka ya 1920. Kwa hiyo shanga unazoziona nyeusi huenda zilikuwa nyekundu, na kitambaa unachokiona cheupe huenda kilikuwa na buluu ndani yake. Ngozi nayo ina wekundu ndani yake, na filamu hizo ziliitia giza kuliko ilivyokuwa, zikakoleza kila kovu na kila mkunjo. Ukisema "alikuwa mweusi sana" au "alikuwa mzee sana" kwa kutazama picha kama hiyo, nusu ya unachokisoma ni kemikali.

Sasa jina. Jina haliko usoni, na haijalishi utavuta picha iwe kubwa kiasi gani. Jina hutoka kwenye karatasi au kwenye kinywa cha mtu aliyekuwepo: maandishi nyuma ya picha, daftari la mpiga picha, faili la serikali, mjukuu anayesema "huyu ni nyanya yangu, na huu mkufu tunao nyumbani". Bila kimoja cha hivyo, hakuna jicho kali litakalolizalisha.

Na picha nyingi za zamani za pwani zilitengenezwa makusudi zisiwe na jina. Studio kama ya A. C. Gomes kule Zanzibar na ya ndugu Coutinho ziliuza postikadi kwa wasafiri. Mnunuzi aliyeshuka melini hakutaka kujua huyu ni binti ya nani. Alitaka "mwanamke wa Kiswahili", "msichana wa kienyeji", kitu cha kutuma Ulaya. Basi kapsheni ikawa aina ya mtu badala ya mtu. Sisi leo tunafanya kinyume chake lakini kwa mkono ule ule: wao walifuta jina wakaweka aina, sisi tunafuta aina tunaweka jina tunalolipenda. Mwanamke aliyesimama juani bado hajaulizwa.

Ili uone karatasi inafanya kazi gani, kuna picha ya kundi la watu ambayo pengine ushaiona. Watoto na vijana waliokonda wamekaa kwenye sitaha ya meli. Ikikujia bila maneno, unaweza kusema kwa haki: ni watu wengi, wamekonda sana, wako juu ya meli, wamekaa karibu karibu. Ungeweza kudhani ni njaa, au ajali ya bahari. Lakini picha hiyo iko kwenye kumbukumbu za taifa za Uingereza, ndani ya mafaili ya wizara ya mambo ya nje, na maelezo yake yanasema ni watumwa wa Afrika Mashariki waliochukuliwa kutoka kwenye jahazi na kupandishwa HMS Daphne, Novemba 1, 1868. Karatasi imetupa meli, siku, na sababu ya kukonda.

Tazama pia ambacho haikutupa. Hakuna jina la hata mtoto mmoja. Haituambii nani ni ndugu wa nani, hata ukiona wawili wameegemeana. Ukiandika "dada na mdogo wake", umebuni, kwa sababu kwenye sitaha iliyojaa hata wasiojuana huegemeana. Kwa hiyo hata picha yenye karatasi ina mpaka, na mpaka huo ni pale karatasi inapoishia.

Turudi kwa Mekatilili. Karatasi za Waingereza juu yake zipo, na kitabu cha Cynthia Brantley cha 1981 juu ya upinzani wa Wagiriama kimezitumia. Tunajua jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Tunajua mwaka 1913 alizunguka akiwaita watu, wakala viapo Kaya Fungo, na msaidizi wa DC, Arthur Champion, akakosa vibarua na kodi. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti.

Haya yote hayathibitishi picha yoyote, ila yanaweza kuikataa. Kwa masimulizi mengi alizaliwa kati ya miaka ya 1840 na 1860. Kwa hiyo mwaka 1913 alikuwa mtu mzima, mama wa zaidi ya miaka arobaini. Ukiletewa picha ya msichana wa miaka ishirini na kuambiwa huyu ndiye aliyemsumbua Champion, hiyo inakataa bila ubishi mwingi. Ukiletewa picha ya mama wa makamo mwenye hando, huwezi kusema ndiye. Unaweza kusema tu haijakataliwa. Watu wengi hawapendi tofauti hiyo, lakini ndiyo kazi nzima. Mamia ya kina mama wa umri huo walivaa hando mwaka huo huo, na baadhi yao walikula kiapo kile kile. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye yuko mbele yako, na ukimwita Mekatilili umemzika mara ya pili.

Utaniambia, sasa shida iko wapi, si ni heshima tu? Shida ni mazoea. Kilifi tunajua bei ya kusoma nyuso. Kwa miaka mingi wazee wameuawa katika kaunti hii kwa tuhuma za uchawi, na kati ya "ushahidi" uliotajwa ni mvi na macho mekundu. Mvi ni umri. Macho mekundu ni moshi wa jikoni, ni vumbi, ni ugonjwa wa macho usiotibiwa. Mpaka wengine wamelazimika kuhama makwao na kwenda kujihifadhi. Anayeangalia picha ya bibi asiyemjua na kusema "naona ushujaa machoni" na anayeangalia picha ya mzee asiyemjua na kusema "naona uchawi machoni" wanatumia njia moja. Wametofautiana kwa bahati ya aliyeangaliwa.

Kwa hiyo ikija tena picha bila neno, jibu la kwanza si jina, ni swali: imetoka wapi, na nani aliyepigwa? Kama aliyetuma hajui, andika unachokiona. Kitu kama hiki: "Mwanamke amevaa hando na shanga, amesimama juani, pengine karibu na adhuhuri. Picha ni ya zamani. Jina lake halijulikani. Mwenye kumjua atuambie."

Kwenye grupu hiyo haitapata ngumi tatu. Lakini hapo kijijini kuna nyanya mmoja anayeshikiwa simu na mjukuu wake, na sentensi ya mwisho inamwachia nafasi ya kusema huyu ni nani. Ukishaandika "Mekatilili", yeye atanyamaza.